Ada ya Dola Nusu Milioni

Tarehe 10 Septemba 2023 muamala mmoja wa bitikoini uliingia kwenye bloki namba 807,057. Kilichotumwa kilikuwa kidogo, BTC 0.074, kama dola 2,000 kwa bei ya siku ile. Ada iliyolipwa ili kiasi hicho kifike ilikuwa BTC 19.82, zaidi ya dola 500,000. Wengine waliotuma siku hiyo hiyo walikuwa wakilipa dola chache tu. Ni kama mtu apande daladala kutoka Mwenge hadi Posta, halafu anaposhuka amwachie konda nyumba.

Daftari la bitikoini liko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo haikuchukua muda kabla watu hawajaanza kuulizana ni nani huyo. Anwani iliyotuma ilikuwa imeshafanya maelfu ya miamala, dalili kwamba ni ya kampuni na si ya mtu aliyekosea akiwa kitandani na simu yake. Kwanza walidhani ni PayPal. Siku tatu baadaye kampuni ya Paxos ya New York, inayoiendeshea PayPal shughuli za sarafu za kidijitali, ikajitokeza: ni sisi, kulikuwa na hitilafu katika programu, imegusa muamala mmoja tu, na fedha za wateja ziko salama.

Fedha zao zilirudi, na nitaeleza zilivyorudi. Lakini kwanza kuna jambo linalowashangaza wengi: inawezekanaje ada ikawa kubwa kuliko kinachotumwa? Ukituma pesa kwa simu, ada imo kwenye jedwali la kampuni na hata ukitaka kuizidisha huwezi. Kwenye bitikoini jedwali hilo halipo, na mara nyingine ada haiandikwi popote.

Fikiria umekwenda gengeni na noti moja ya shilingi 10,000, unataka nyanya za 500. Unatoa noti nzima, muuzaji anakurudishia 9,500. Bitikoini nayo hukaa pochini kama noti, vipande vya ukubwa mbalimbali, na kipande hakikatwi. Ukitaka kulipa sehemu yake, unakitoa chote na kuandika mwenyewe kwenye muamala: hiki kiende kwa muuzaji, na hiki, chenji yangu, kinirudie. Chochote utakachosahau kukiandika huhesabiwa kuwa ada, na mchimbaji anakichukua. Hakuna anayekuuliza kama umemaanisha.

Chukua mtu mwenye kipande cha BTC 0.5 anayetaka kulipa BTC 0.01. Hesabu ikiwa sahihi inakuwa hivi:

```
ingizo     0.50000000
malipo   - 0.01000000
chenji   - 0.48990000
ada      = 0.00010000
```

Futa mstari wa chenji, mengine yote yaache yalivyo. Sasa ada ni 0.49. Muamala bado ni halali kabisa, saini yake ni sahihi, na kompyuta zote za mtandao zitaupokea bila kinyongo.

Pochi za kawaida za simu hufanya hesabu ya chenji zenyewe, ndiyo maana kosa la aina hii huwapata zaidi waandishi wa programu na watu wanaojitengenezea muamala kwa mkono. Mtu wa kawaida hukosea penginepo. Kisanduku cha ada katika pochi nyingi hakiulizi ada yote. Kinauliza kiwango: satoshi ngapi kwa kila baiti ya muamala. Satoshi ni sehemu moja ya milioni mia ya bitikoini, na muamala mdogo wa siku hizi una baiti kama 141. Ukiandika 15, utalipa satoshi 2,115, hela ndogo. Lakini yupo anayedhani kisanduku kinataka jumla, anaandika 15,000 akiamini anajibana, na pochi inazidisha mara 141. Zinakuwa satoshi 2,115,000, yaani zaidi ya BTC 0.02. Bei ya bitikoini moja ikiwa dola 60,000, hizo ni dola 1,269. Amebonyeza, imekwenda.

Hapo ndipo mtu huanza kuhangaika na kitufe cha kufuta. Muamala wa bitikoini haungii daftarini papo hapo. Husubiri kwanza kwenye foleni hadi mchimbaji auchukue, na bloki mpya hupatikana kwa wastani kila baada ya dakika 10. Muda huo upo. Tena pochi nyingi zina uwezo wa kubadilisha muamala ulio foleni kwa mwingine unaotumia kipande kile kile. Wengi waliwahi kuutumia muamala wao ulipokwama kwa ada ndogo, kwa hiyo wanaamini hata hapa utawaokoa.

Hautawaokoa. Kanuni zinazofuatwa na kompyuta za mtandao husema muamala mpya utapokelewa badala ya wa zamani ikiwa tu unalipa ada kubwa zaidi, kwa jumla yake. Kanuni hiyo iliwekwa kwa sababu ya maana: bila hiyo mhuni angeweza kubadilisha muamala wake mara elfu moja bure na kuuchosha mtandao. Lakini kwa aliyekosea ni mlango uliofungwa upande mbaya. Ili ufute ada ya BTC 19.82 unatakiwa uahidi zaidi ya BTC 19.82. Na kwa kuwa wachimbaji huanza na wanaolipa vizuri, muamala wako ndio wa kwanza kuchukuliwa.

Bloki ikishapatikana, fedha zimekwenda wapi hasa? Hapa tunaweza kujibu kwa uhakika kuliko kwenye wizi mwingi wa kawaida. Kila bloki huanza na muamala mmoja maalumu ambao mchimbaji anajilipa mwenyewe: zawadi ya bloki, ambayo mwaka 2023 ilikuwa BTC 6.25, pamoja na ada zote za miamala iliyomo. Katika bloki 807,057 malipo hayo yalipita BTC 26, na robo tatu yake ilikuwa ada ya Paxos. Wachimbaji wengi hufanya kazi kwa ushirika, maelfu ya mashine chini ya jina moja, na ushirika huacha jina lake ndani ya muamala huo wa kwanza. Ukifungua bloki kwenye tovuti yoyote ya kuangalia daftari, utalisoma. Kwenye bloki hii jina lilikuwa F2Pool.

Kuna kanuni nyingine hapa ambayo humsaidia aliyekosea ingawa haikutungwa kwa ajili yake. Malipo ya mchimbaji hayawezi kutumika hadi zipite bloki 100 juu ya ile iliyoyazaa, yaani kama saa 16 na dakika 40. Kwa saa hizo fedha zimekaa mahali pamoja na kila mtu anaziona. Zikiisha, ushirika unaweza kuwagawia wanachama kwa mujibu wa mkataba wao. Sarafu zikishakatwakatwa kwenye pochi za maelfu ya watu waliochangia umeme na mashine, anayetaka kurudisha itambidi atoe mfukoni mwake. Kwa hiyo ukikosea, saa zako zimeanza kuhesabika.

F2Pool walisema wataziweka kando kwa siku tatu wakimngoja mwenyewe ajitambulishe. Paxos walijitokeza. Tarehe 15 Septemba BTC 19.82 zote zilirudishwa. Chun Wang, mmoja wa waanzilishi wa ushirika huo, alikiri hadharani kwamba anajutia kukubali upesi kurudisha, akawauliza wafuasi wake wanaonaje. Baadhi ya watu walimkasirikia. Mimi nilimwelewa. Aliyekosea ni kampuni kubwa yenye mawakili na wahandisi, na wachimbaji wanaolipa bili ya umeme kila mwezi wangepata neema ambayo kanuni za mtandao ziliwapa kihalali. Alirudisha kwa sababu aliamua kurudisha. Kwenye programu ya bitikoini hakuna mstari hata mmoja uliomlazimisha.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wamezoea utaratibu mwingine. Ukituma M-Pesa kwa namba isiyo yako nchini Kenya, unapeleka ujumbe wa muamala kwenda 456, na Safaricom inaweza kuzuia fedha kama mpokeaji hajazitoa. Kuna mtu katikati mwenye mamlaka juu ya akaunti zote mbili. Kwenye bitikoini mtu huyo hayupo. Aliye karibu kabisa na nafasi hiyo ni yule aliyekwisha kupokea fedha zako, na unakwenda kwake kama mwombaji.

Mwombaji lazima athibitishe kuwa yeye ndiye. Hapa ndipo mambo mengi yamekwama.

Juni 2020, kwenye mtandao wa Ethereum, kulitokea miamala miwili siku mbili mfululizo. Wa kwanza ulituma ETH 0.55, wa pili ETH 350, na kila mmoja ulilipa ada ya ETH 10,668, kama dola milioni 2.6. Ule wa pili uliangukia ushirika wa Ethermine. Walingoja siku nne. Waliowaandikia wakidai ni fedha zao walikuwa zaidi ya mmoja, lakini hakuna aliyeweza kuleta saini ya akaunti iliyotuma. Mwishowe waliwagawia wachimbaji wao, wakasema baadaye hawataingilia tena jambo la aina hii hata ada iwe kubwa kiasi gani.

Saini inayodaiwa hapo si ya kalamu. Kila anwani ya sarafu ina ufunguo wake wa siri, na ufunguo huo unaweza kutia saini sentensi yoyote, mathalani: “Mimi ndiye niliyetuma muamala huu, ninaomba ada irudi kwenye anwani hii.” Mtu mwingine yeyote anaweza kuhakiki kwamba saini imetokana na ufunguo wa anwani ile, bila kuuona ufunguo wenyewe. Kinachofanyika badala yake mara nyingine ni kutuma kiasi kidogo mlichokubaliana kutoka anwani ile ile, tuseme satoshi 4,321 kamili, kwa sababu mwenye ufunguo tu ndiye anayeweza. Kwa hiyo aliyeacha sarafu zake kwenye soko la kubadilishia sarafu hana cha kusaini. Ufunguo ni wa soko, dai ni la soko, na yeye kazi yake ni kuwaandikia wahusika wa soko siku hiyo hiyo na namba ya muamala mkononi.

Lakini saini ina udhaifu mmoja, na ulionekana wazi tarehe 23 Novemba 2023, miezi miwili tu baada ya mambo ya Paxos. Mtu alituma BTC 139.42. Mpokeaji alipata BTC 55.77. Nyingine 83.65, zaidi ya dola milioni tatu, zilikuwa ada, na zikaangukia ushirika wa AntPool katika bloki 818,087. Haijawahi kulipwa kwenye bitikoini ada kubwa kuliko hiyo kwa thamani ya dola, walisema waliokuwa wakifuatilia wakati ule.

Piga hesabu: 83.65 ni asilimia 60 ya 139.42. Kosa la kidole haliangukii asilimia 60 kamili. Alijitokeza mtu mtandaoni akasema yeye ndiye mwenye pochi, kwamba ilikuwa mpya, na sarafu zilihamishwa mara tu alipoziweka. Mtafiti wa daftari la bitikoini anayeandika kwa jina la Mononaut alitoa maelezo yanayoingia akilini. Pochi ile huenda iliundwa kwa nambari zisizo za bahati nasibu ya kutosha, hivyo ufunguo wake ungeweza kubahatishwa na watu wengine. Wezi wa aina hiyo huacha programu zikilinda anwani dhaifu usiku na mchana. Fedha zikiingia, programu hukimbilia kuzihamisha, na kwa kuwa zinaweza kuwa kadhaa zinazogombania kipande kimoja, kila moja hupandisha ada ili ya kwake ichukuliwe kwanza. Ile kanuni ya foleni niliyoitaja hugeuka mnada, na mnada huo unalipwa kwa mali ya aliyeibiwa.

AntPool walisema wako tayari kurudisha kwa atakayethibitisha umiliki kwa saini ya ufunguo, wakaweka tarehe ya mwisho, 10 Desemba. Unaiona shida iliyopo? Aliyeibiwa ana ufunguo. Mwizi naye anao, ndivyo alivyoiba. Saini zao zitafanana nukta kwa nukta. Hesabu inathibitisha kwamba mtu anaujua ufunguo, wala haiwezi kuthibitisha kwamba sarafu ni zake. Kwa Paxos jambo hili halikusumbua kwa sababu kampuni ilikuwa na jina, ofisi na kumbukumbu za miaka. Kwa mtu binafsi aliyeibiwa, risiti ya mahali aliponunua sarafu na historia ya pochi alikozitoa ndiyo itakayomtenganisha na mwizi, kama ushirika utakubali kuisoma.

Kwa mtandao wa Ethereum kuna la kuongeza, kwa sababu pale ada imegawanyika. Tangu Agosti 2021 kila muamala hulipa ada ya msingi, ambayo mtandao huichoma moja kwa moja, na juu yake bakshishi kwa anayetengeneza bloki. Kilichochomwa hakiko kwa mtu yeyote, na hata upige magoti hakuna wa kukuonea huruma. Kinachoweza kurudi ni bakshishi peke yake. Kwa bahati makosa makubwa mara nyingi huangukia kwenye bakshishi, maana ada ya msingi hupangwa na mtandao, mtumaji hana mkono ndani yake.

Ndivyo ilivyowatokea DeversiFi tarehe 27 Septemba 2021. Walihamisha dola 100,000 wakalipa ada ya ETH 7,676, zaidi ya dola milioni 23. Chanzo walichokieleza baadaye kilikuwa nukta. Kiwango cha ada kilitoka kwenye hesabu kikiwa na desimali, na maktaba ya programu waliyoitumia ilitegemea namba nzima. Ilipokibadilisha kwenda mfumo wa hesabu wa kompyuta, unaohesabu kwa kumi na sita, nukta ilidondoka na tarakimu zake zikabaki. Kwetu sisi tunaohesabu kwa kumi, ukifuta nukta kwenye 33.55 unapata 3355, mara mia. Kwenye hesabu ya kumi na sita kila tarakimu iliyovuka nukta huzidisha mara 16. Zikivuka nne tu, umezidisha mara 65,536.

Mchimbaji aliyeipata bloki ile alirudisha ETH 7,626. Alibaki na 50, na wenyewe walifurahi kumwachia. Miaka miwili kabla, mwaka 2019, ushirika wa SparkPool ulipokea ada ya ETH 2,100 kwa muamala uliotuma ETH 0.1, na walikubaliana na kampuni ya Korea iliyokosea kugawana nusu kwa nusu. Ukiangalia kesi hizi utaona bei ya wema haijapangwa. Mmoja amerudisha yote, mwingine karibu yote, mwingine nusu, mwingine hakuna. Kwa mtumiaji wa Ethereum wa leo kazi imekuwa ngumu zaidi, kwa sababu tangu Septemba 2022 wachimbaji hawapo. Bloki nyingi zinaandaliwa na mmoja na kupendekezwa na mwingine, na bakshishi hugawanywa kati yao ndani ya bloki ile ile. Saa 16 za kungoja hazipo.

Ikikukuta, basi: nakili namba ya muamala, angalia imeingia bloki gani, soma jina la aliyeitengeneza, na umwandikie kupitia anwani rasmi iliyo kwenye tovuti yake, siku hiyo hiyo. Eleza kilichotokea kwa kifupi, jitolee kutia saini sentensi atakayoichagua yeye, na usiguse sarafu zilizobaki kwenye anwani ile ili uweze kuthibitisha tena. Usitangaze kilio chako hadharani kabla hujawaandikia. Ukitangaza, kabla ya jioni utapata ujumbe wa watu wanaojiita wataalamu wa kurejesha, wenye picha nzuri na ushuhuda wa wateja, wanaodai malipo ya awali au yale maneno 12 ya pochi yako. Hawana njia ya kuzifikia fedha hizo. Anazo aliyepata bloki, na anayehitaji maneno 12 ni anayetaka kuchukua kilichobaki.

Na kama wewe ndiye unayetengeneza miamala kwa mkono, programu ya Bitcoin Core ina kizuizi ambacho wengi hukizima kwa haraka ya kazi. Kabla ya kutuma, unaweza kuujaribu muamala kwa amri hii, ukiweka tarakimu za muamala wako kati ya alama za nukuu:

```
bitcoin-cli testmempoolaccept '["..."]'
```

Ada ikizidi kiwango cha BTC 0.1 kwa baiti elfu moja, jibu litakuja na `"allowed": false` na sababu `max-fee-exceeded`. Kizuizi hicho kipo kwenye kompyuta yako tu. Ukiruka hatua hiyo na kuupeleka muamala moja kwa moja kwa mchimbaji, hakuna wa kuukataa.